Saa saba ya Riyadh na saa saba ya Majengo

Assalam aleikum mwalimu,

Mimi ni kijana wa Majengo, Pumwani. Nilisoma madrasa mpaka nikahitimu, kwa hiyo nyumbani kila karatasi yenye herufi za Kiarabu huletewa mimi. Mama mdogo yuko Riyadh, anafanya kazi ya nyumbani. Mwezi wa tatu alinunua laini mpya, akapiga picha pakiti na kikaratasi cha bando, akanitumia kwa WhatsApp nimfasirie. Nilimwandikia hivi: "Bando la mwezi, jijabaiti 10, bei riyali 50. Tumia kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7. Ukiwa na risiti ya kutosha utapewa bando jipya. Mitandao ya kijamii bila mpaka."

Mambo yakaharibika. Dukani alitozwa riyali 57.50. Laini aliiwasha tarehe 5 Machi jioni. Tarehe 16 intaneti ikakatika mchana ilhali simu inasema zimebaki jijabaiti 5. Tarehe 3 Aprili akaweka riyali 60 ampigie nyanya, zikaliwa zote isipokuwa 2.50. Sasa anasema nilimdanganya, na mama ananitazama kwa jicho la pembeni. Risiti anazo zote, amezitunza vizuri. Picha nimeziambatisha. Nilikosea wapi, na nimwambie nini?

Mpwa, Majengo

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Herufi umezisoma sawasawa, hilo nakupa. Ila madrasa ilikufundisha Kiarabu chenye irabu juu na chini, kinachozungumza habari za sala, mirathi na mitume. Karatasi ya bando haina irabu hata moja, na imeandikwa na wafanyabiashara. Nimekaa kwenye meza ya kufasiri karatasi za wasafiri hapa Eastleigh miaka mingi, na makosa yako karibu yote nimeyaona kwa watu wenye shahada. Lile la risiti tu ndilo lako peke yako, nalo nitalifikia.

Tuanze na saa, maana ndipo jijabaiti tano zilipozama.

Angalia picha yako ya pili. Juu kuna ile 10 kubwa ya kuvutia macho. Chini yake, kwa maandishi madogo, kuna mstari mmoja unaoigawa: tano ni za "ayi wakti", yaani wakati wowote, kisha alama ya kujumlisha, halafu tano nyingine ni za kutoka 1 hadi 7, na kando ya kila namba imesimama herufi swadi peke yake. Hiyo swadi ni kifupi cha "sabahan", asubuhi. Ukikuta mimu peke yake mahali kama hapo, ni "masaan", jioni.

Sasa, kwa saa wanazotumia huko, siku mpya huanza usiku wa manane, na kila kitu tangu hapo mpaka adhuhuri huitwa sabahan, hata kama nje ni giza na paka wa mtaani ndio wenye barabara. Kwa hiyo 1 yao ya sabahan kwetu ni saa saba ya usiku. Na 7 yao ya sabahan ni saa moja ya asubuhi. Wewe ulinakili namba kama zilivyo ukazibandika neno asubuhi, na mama mdogo, Mswahili wa kuzaliwa, akaelewa kama Mswahili: tangu jua linapochomoza mpaka saa saba mchana. Karatasi ilimpa usiku, wewe ukampa mchana.

Wala usidhani ni tofauti ya nchi. Riyadh na Nairobi ziko kwenye saa ile ile, zote mbili saa tatu mbele ya Greenwich. Saa ya ukutani jikoni kwa mwajiri wake inasoma sawa na ya msikiti wenu wa Majengo. Kinachotofautiana ni jinsi tunavyoitaja. Kanuni ninayoitumia mezani kwangu ni kutoandika kamwe saa kwa tarakimu ninapomwandikia Mswahili. Naongeza au napunguza sita, kisha naandika kwa maneno pamoja na kipande cha siku: saa saba usiku, saa moja asubuhi. Jihadhari zaidi na 12 yenye swadi. Hiyo ni saa sita ya usiku. Ukimwandikia mtu "saa 12" atafikiria alfajiri au magharibi, na utakuwa umemkosesha saa sita nzima.

Yaliyotokea sasa yanaeleweka. Bando lake lina mifuko miwili. Mchana mtandao huchota kwenye mfuko wa wakati wowote peke yake. Ule wa usiku hauguswi mpaka saa saba ya usiku ifike. Kuanzia tarehe 5 mpaka 16 alitumia mfuko wa kwanza kiasi cha megabaiti 450 kwa siku, ambazo si nyingi kwa mtu anayepiga simu ya video nyumbani, ukaisha. Mfuko wa pili ukabaki umefungwa. Dalili ilikuwa hapo hapo kwenye ujumbe wa salio. Zilizobaki zilikuwa 5 kamili, si 4.8 wala 4.6. Namba isiyopungua hata chembe baada ya siku kumi na moja za matumizi maana yake ni mfuko ambao mtu hajaufungua. Mwambie awe anausoma ujumbe wa salio mpaka mwisho, kwa sababu aghalabu huwa na mistari miwili, na watu wengi husoma mmoja.

Je, mfanyakazi wa nyumbani atatumia lini data ya usiku, naye anahitaji kulala? Hapa nina habari njema. Alfajiri ya Riyadh, majira yote ya mwaka, hufika kabla ya saa moja asubuhi, tena kwa nafasi nzuri. Akimaliza sala ana kipande cha muda kabla mfuko wa usiku haujafungwa, na wakati huo nyanya naye hapa Majengo ameshaamka anachemsha chai. Simu ya video ya familia iwekwe hapo. Na zile video anazopenda kutazama mchana, azipakue wakati huo huo, azitazame baadaye bila kugusa mfuko mwingine.

Sasa risiti. Nilicheka, nisamehe, halafu nikaacha kucheka nilipofikiria mama wa watu amezihifadhi vizuri kwenye droo akingoja zimpe bando. Neno kwenye karatasi ni "rasidi". Risiti yetu tuliipata kwa Waingereza. Haina undugu wowote na rasidi ya Waarabu, ambayo kwenye mambo ya simu ni salio, pesa zilizo ndani ya laini. "Rasidi kafi" ni salio linalotosha. Na lile neno uliloliita bando jipya ni "tajdidi". Ulinusa jadidi ndani yake, na hukukosea kunusa, lakini tajdidi ni kitendo: kufanya upya, kuendeleza kilichokwisha. Baada yake kuna neno uliloliruka, nadhani kwa kuwa hukulijua. "Tilkai". Maana yake ni kwa kujiendesha, lenyewe, bila kuombwa. Mstari mzima unasema hivi: bando litajirudia lenyewe likiisha muda, mradi salio linatosha, na lisipotosha mtandao utajaribu tena kwa siku 7.

Neno usilolijua kwenye karatasi ya bei usiliruke, mwanangu. Mara nyingi ndilo limebeba pesa.

Tuhesabu tarehe zake, kwa maana hapa kuna kosa la pili lililojificha nyuma ya la kwanza. Uliandika bando la mwezi. Karatasi inasema "arbaa asabii", wiki nne, yaani siku 28. Kwa mtu anayenunua mwaka mzima, tofauti ni kubwa: wa mwezi hulipa mara 12, wa siku 28 hulipa mara 13. Na hesabu haianzi siku ya kununua, inaanza siku ya "tafiili", laini inapowashwa. Yeye aliwasha tarehe 5 Machi jioni. Machi ina siku 31, kwa hiyo siku 28 kamili kwa saa zake zinamfikisha tarehe 2 Aprili jioni. Kama kampuni huhesabu siku za kalenda, na siku ya kuwasha ikahesabiwa ya kwanza, basi lilikwisha tarehe 1 Aprili usiku wa manane. Karatasi yako haisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Kinachosema ni ule ujumbe mfupi anaotumiwa mtu bando linapoanza, wenye tarehe na saa ya kuisha. Huo ndio wa kuuamini kuliko karatasi, aufanyie picha ya skrini aihifadhi.

Kwa vyovyote, tarehe 3 Aprili bando la kwanza lilikuwa limekwisha, ingawa yeye kwa hesabu yako ya mwezi alidhani ana siku mbili zaidi. Zile 5 za usiku zilikufa nalo bila kuguswa. Mtandao ulikuwa umejaribu kulirudisha ukakuta laini haina kitu. Ukawa unanyemelea. Alipoingiza riyali 60, salio likatosha, ukachukua 57.50 papo hapo. Ndiyo maana zimebaki 2.50 kamili. Hakuna mwizi aliyeingia.

Hapa Nairobi tumedeka. Tangu Oktoba 2019, Safaricom ilipoleta bando zisizo na muda wa kuisha, watu wengi wamezoea kwamba data ukiinunua ni yako mpaka uimalize. Bado zipo nyingi zenye muda, za saa moja, za siku, za wiki, lakini mazoea ni mazoea. Mtu akisafiri nayo mpaka Ghuba, yanamgharimu.

Habari ya 57.50 ni fupi. Kando ya 50 kuna maneno matatu madogo, "ghairi shamil dariba", nayo ni kusema bei haijajumuisha kodi. Ghairi unaijua, tunaitumia. Dariba ndiyo kodi. Saudi Arabia hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya 15 kwa 100 tangu Julai 2020, na 15 kwa 100 ya 50 ni 7.50. Muuza duka hakumwibia. Sisi huku kodi hatuioni kwa sababu bei ya bando tunayooneshwa kwenye simu imeshaimeza.

Lililobaki ni la mitandao ya kijamii, na hapo siwezi kukusaidia mpaka uniletee kitu. Umeandika "bila mpaka". Karatasi inasema "ghairi mahdudi", ambayo kweli ni bila mpaka, lakini juu ya herufi ya mwisho kuna nyota ndogo. Nyota haiwekwi kwa urembo. Inakuelekeza mahali pengine kwenye karatasi penye sharti, na mahali hapo hapamo katika picha zako. Karatasi imekunjwa mara tatu, wewe umetumiwa kurasa mbili. Nadhani nyota inakwenda kwenye mkunjo wa nyuma.

Akikutumia ukurasa huo, tafuta maneno "siasa", "istikhdami" na "adili". Usije ukaandika siasa za uchaguzi. Siasa hapo ni utaratibu uliowekwa na kampuni, istikhdami ni matumizi, adili ni haki: utaratibu wa matumizi ya haki. Jina zuri kwa jambo lisilo zuri sana. Kwa kawaida linasema kwamba ukishavuka kiasi fulani cha data, hukatiwi, bali unapunguziwa kasi. Utakuta namba mbili, moja ya kiasi na nyingine ya kasi. Ya kasi ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu hupimwa kwa biti, na faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Tuseme kwa mfano kasi imeshushwa mpaka kilobiti 512 kwa sekunde. Igawe kwa nane upate kilobaiti 64. Picha ya kawaida ya WhatsApp ya kilobaiti 200 itafika kwa sekunde tatu hivi, hakuna shida. Video ya megabaiti 20 itachukua dakika tano na ushei. Kwa hiyo ni bila mpaka kweli, kama vile matatu ya kwenda Kariobangi jioni haina mpaka wa abiria: utafika, lakini si kwa raha.

Angalia pia kama sharti hilo linataja simu ndani ya programu. Bando nyingi za mitandao ya kijamii huhesabu ujumbe na picha peke yake, na simu za sauti na video huzitoa kwenye mfuko mkuu wa data. Ikiwa ndivyo, mwambie wazi, kwa sababu yeye simu ya video ndiyo anayoitaka.

Sasa picha zenyewe. Zimenipa taabu. Ya kwanza ina mwanga wa flashi uliofuta mstari mzima kwa kuwa karatasi inang'aa. Ya pili imepigwa kwa kuinama, herufi za pembeni zimelala. Na zote zimetumwa kama picha za kawaida, ambazo WhatsApp huzibana, na kinachoumia kwanza ni nukta.

Nukta kwa Kiarabu ni jambo zito kwa sababu mbili. Herufi nyingi hutofautishwa na nukta tu, hilo unalijua. La pili watu hulisahau: sifuri yao ni nukta. Miaka ya nyuma bwana mmoja aliniletea picha ya karatasi kama hii, imepita kwenye simu za watu watatu, na nukta ilikuwa imeangukia kwenye mkunjo. Nikamwambia bando la mkewe ni la siku 3. Lilikuwa la siku 30. Mama yule alimaliza data yote kwa siku tatu akihofia isiharibike, na mimi nilimnunulia bwana chai ya maziwa na mahamri nikiomba radhi. Tangu hapo, namba yenye tarakimu moja nikiiona kwenye picha hafifu, naomba picha nyingine kabla ya kufungua mdomo.

Tarakimu zenyewe nazo zina mitego kwa asiyezizoea, ingawa wewe umezizoea kwa namba za aya. Tano yao ni kiduara kama yai, na dada yako au mama akiisoma ataiona sifuri. Sita yao inafanana na saba yetu. Saba ni kama herufi V, na nane ni hiyo hiyo iliyopinduliwa. Na maandishi yanakwenda kulia kwenda kushoto, lakini namba ndani yake husomwa kushoto kwenda kulia kama zetu. Ndiyo maana ile namba ya kuangalia salio, kwenye karatasi yenu, inaonekana kama imeanza na reli ikaishia na nyota. Ni mpangilio wa uchapaji umeigeuza. Kwenye simu aibonyeze akianza na nyota, amalizie na reli.

Kwa hiyo mwombe apige upya. Karatasi aitandaze kwenye meza karibu na dirisha, mchana, bila flashi, simu iwe juu yake moja kwa moja, kila mkunjo picha yake, mbele na nyuma. Kisha asitume kama picha, atume kama hati. WhatsApp ina chaguo hilo, na hati haibanwi.

Na kabla ya kupiga, afunike upande mmoja wa pakiti. Kwenye picha yako ya kwanza kadi imo wazi, pamoja na PIN, PUK na ile namba ndefu inayoanza na 89, ambayo ni namba ya kadi yenyewe. Mimi nimeifuta kwangu. Wewe pia ifute, na umwambie aifute kwake na kwenye kundi la familia, maana nina hakika ilipita huko. Mwenye PUK na kadi mkononi anaweza kufungua laini iliyofungwa kwa PIN, na mwenye namba ya kadi anaweza kujifanya mteja anapopiga huduma kwa wateja. Yeye pakiti aihifadhi mwenyewe. PIN ikikosewa mara tatu kadi hufunga ikaomba PUK, na PUK ikikosewa mara kumi kadi imekufa, haifufuki tena.

Kuhusu zile 57.50: anaweza kuwapigia huduma kwa wateja akaomba zirudishwe, hasa kama hajagusa bando jipya, lakini kwa maneno ya karatasi hawalazimiki. Sharti limeandikwa. Mimi ningemshauri asipoteze muda huo, bali alitumie bando alilokwisha kulipia. Lilianza tarehe 3 Aprili, na siku 28 zake zitaisha siku za mwisho za Aprili au tarehe 1 Mei, kwa hesabu zile zile mbili. Anazo 5 za wakati wowote na 5 za usiku, nzima.

Akiwa hataki lijirudie tena, alizime mapema, tuseme tarehe 28 Aprili, si siku ya mwisho. Njia ya kulizima iko kwenye karatasi yako, mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili, baada ya neno "ilghaa", kufuta: ni ujumbe mfupi wa kutuma kwenye namba iliyochapishwa hapo. Autume neno hilo hilo la Kiarabu kama lilivyochapishwa, asilifasiri. Atajibiwa. Asipojibiwa, halijazimwa. Na hata akijibiwa, pesa za kumpigia nyanya aziweke kidogo kidogo, riyali tano hivi, salio lisifike 57.50 mpaka bando liishe na zile siku 7 za kujaribu tena zipite. Baada ya hapo aongeze zilizobaki.

Hivi ndivyo ningemwandikia mimi, ukipenda nakili:

"Mama mdogo, shikamoo. Nilikosea kufasiri, naomba radhi. Bando lako ni la siku 28, si mwezi, na siku zinahesabiwa tangu kuwasha. Bei ni riyali 50, ukiongeza kodi ni 57.50. Lina jijabaiti 5 za kutumia wakati wowote na jijabaiti 5 za usiku peke yake, kuanzia saa saba usiku hadi saa moja asubuhi. Baada ya sala ya alfajiri bado unazo za usiku, tupigie wakati huo. Zisipotumika zinaisha pamoja na bando. Siku zikiisha bando linajinunua lenyewe ukiwa na salio la kutosha, na likikosa linangoja siku 7, kwa hiyo usiweke pesa za simu kabla hujalizima. Risiti si lazima. Kuhusu mitandao ya kijamii sijajua bado, nitumie picha ya upande wa nyuma, kama hati, na ufunike namba za kadi."

Kabla hujaituma, msomee mama yako kwa sauti. Akiuliza "saa saba ipi?", rudi ukaandike upya.